Vipimo Vinne vya Springi Visivyoweza Kupangwa Ovyo

Karatasi ya oda inasema hivi: springi ya kubanwa, waya wa milimita 7, mizunguko hai 12, ncha zimefungwa na kusagwa bapa, urefu huru milimita 210, urefu ikibanana kabisa milimita 90. Kwa kuitazama, haina upungufu. Kila kipimo ambacho mtengenezaji angeuliza kipo. Lakini springi hiyo hakuna awezaye kuitengeneza, awe na mashine ya kisasa au anakunja waya kwa mkono, kwa sababu waya wa unene huo ukikunjwa mizunguko hiyo haubanani chini ya milimita 98. Hizo milimita 8 za chuma zitajificha wapi?

Oda za namna hii zipo nyingi, na huandikwa na watu wanaojua kazi yao. Kosa linatokana na kudhani kwamba vipimo hivi vinne vinajitegemea, kwamba unaweza kujaza kila kimoja unavyopenda. Ukweli ni kwamba ukishataja unene wa waya, idadi ya mizunguko na namna ncha zilivyomalizwa, urefu wa kubanana umeshajiandika wenyewe. Kazi yako ni kuuhesabu, si kuuchagua. Urefu huru ndio unaobaki na nafasi ya kuchezewa, na hata huo una mipaka juu na chini.

Ili tusiongee hewani, tuchukue springi ambayo karibu kila mtu Afrika Mashariki ameiona: ile ya shokapu ya nyuma ya bodaboda. Mwenye pikipiki anabeba abiria wawili, pengine na gunia juu yake, na shokapu inazama mpaka chini kila akikuta tuta. Anataka springi ngumu zaidi. Vipimo nitakavyotumia ni vya mfano, maana kila aina ya pikipiki ina vyake, lakini hesabu ni ile ile kwa springi yoyote ya waya wa mviringo, kuanzia ya kalamu hadi ya behewa la treni.

Springi ya zamani ina waya wa milimita 7. Kipenyo chake cha ndani ni milimita 41, hivyo ukipima kutoka katikati ya waya upande mmoja hadi katikati ya waya upande wa pili unapata milimita 48. Ukiitoa kwenye shokapu na kuisimamisha mezani bila kitu juu yake, ina milimita 210. Huo ndio urefu huru. Ukihesabu mizunguko yote, kutoka ncha ya waya hadi ncha ya waya, unapata 14.

Hapa ndipo wengi huteleza. Mizunguko 14 ipo, lakini inayofanya kazi ni 12. Mzunguko wa chini kabisa na wa juu kabisa imelazwa ikagusana na jirani zake ili springi ipate kikalio, kisha ikasagwa iwe bapa isimame wima. Mizunguko hiyo miwili haifunguki wala haijifungi mzigo unapokuja. Inakalia tu. Ni mizunguko mfu. Iliyobaki katikati, yenye uwazi kati yake, ndiyo hai, na hiyo peke yake ndiyo inayoamua springi itakuwa ngumu au laini. Ukimwambia mtengenezaji “mizunguko 14” bila kusema ni jumla au ni hai, atakuletea kitu kingine kabisa, na hatakuwa amekosea.

Sasa bana springi hiyo mpaka kila mzunguko uguse mwenzake. Waya umepangana juu ya waya, kama sahani kabatini. Unene mmoja ni milimita 7, na tabaka ziko 14, kwa hiyo urefu ni 98. Angalia kwamba mizunguko mfu, ambayo haikuhesabiwa katika ugumu, hapa inahesabiwa. Haifanyi kazi lakini inachukua nafasi. Ndiyo maana katika karatasi moja unahitaji hesabu mbili za mizunguko: mizunguko hai kwa ajili ya ugumu, jumla ya mizunguko kwa ajili ya urefu wa kubanana.

Kusaga ncha nako si urembo. Ncha iliyosagwa imepoteza karibu nusu ya unene wa waya kila upande. Isiposagwa, springi ikibanana inabaki na unene mmoja wa waya wa ziada, hivyo yetu ingekuwa na milimita 105 badala ya 98. Kumbuka hilo, kwa sababu litarudi kutusumbua.

Tofauti kati ya urefu huru na urefu wa kubanana ndiyo safari yote ambayo springi inaweza kwenda: 210 kutoa 98, yaani milimita 112. Ukizigawa kwa mizunguko hai 12, kati ya waya na waya kuna uwazi wa milimita 9 na kidogo. Hakuna safari nyingine iliyofichwa mahali popote. Springi ikishafika 98 haiwi tena springi, ni bomba la chuma. Mshindo wote wa shimo unapita moja kwa moja kwenye bolti, kwenye mkono wa nyuma na kwenye kiungo cha fremu kilichochomelewa. Pikipiki nyingi zenye ufa karibu na kishikio cha shokapu zina historia ya namna hii.

Shokapu yenyewe haitumii milimita zote 112. Tuseme springi ikifungwa mahali pake, gurudumu likiwa limening'inia, ina milimita 200. Ina maana imeshabanwa 10 kabla ya kubeba chochote, ili isichezecheze. Halafu shokapu inaweza kuzama milimita 80 kabla ya raba ya ndani kuizuia. Katika hali mbaya kabisa, basi, springi inabaki na milimita 120. Kutoka hapo hadi 98 kuna akiba ya 22.

Akiba hiyo ni ya lazima. Mizunguko haijifungi yote kwa wakati mmoja; ile iliyo karibu na ncha hutangulia. Waya hauna unene ule ule kila mahali. Barabara ya vumbi na tope hujaza mchanga mahali ambapo mtu wa mezani aliona hewa tupu. Gurudumu likiingia shimoni kwa kasi, mizunguko hupigana mawimbi na kukaribiana zaidi ya hesabu ya springi iliyotulia. Wahandisi kwa kawaida huacha asilimia 10 hadi 15 ya safari ya kazi. Safari yetu ya kazi, kutoka 210 hadi 120, ni milimita 90, na asilimia 15 yake ni 13.5. Tuna 22. Springi ya zamani haikuwa na tatizo la nafasi. Ilikuwa laini tu kwa mzigo inaobebeshwa.

Ugumu wake ni upi? Hapa kuna kanuni moja ambayo inafaa kuandikwa ukutani kwa kila anayeuza springi:

```
k = G × d⁴ ÷ (8 × D³ × n)
```

Herufi k ni ugumu, yaani nyutoni ngapi zinahitajika kuibana springi milimita moja. G ni tabia ya chuma chenyewe kinaposokotwa, na kwa chuma cha kawaida cha springi ni karibu nyutoni 79,000 kwa kila milimita ya mraba. Kwa chuma kisichoshika kutu ni karibu 70,000, kwa hiyo springi ya aina hiyo yenye vipimo vile vile huwa laini kidogo. Herufi d ni unene wa waya, D ni kipenyo cha katikati ya waya, na n ni mizunguko hai. Weka 7, 48 na 12, na jibu ni karibu nyutoni 17.9 kwa milimita.

Kitu cha kutazama ni zile namba ndogo zilizopanda juu. Unene wa waya unajizidisha mara nne. Kipenyo kinajizidisha mara tatu, na kiko chini ya mstari. Mizunguko haijizidishi. Kuongeza waya milimita moja si jambo dogo, na urefu huru, ambao watu huutaja kwanza dukani, haumo kabisa katika kanuni hii. Springi mbili zenye waya, kipenyo na mizunguko sawa zina ugumu sawa, hata kama moja imevutwa ikawa ndefu kuliko nyingine.

Mwenye bodaboda sasa ana njia kadhaa, na mitaani ya kwanza ni kukata. Fundi anaondoa mizunguko miwili kwa grinda, anapasha ncha mpya kwa gesi, anailaza, na springi imekuwa ngumu. Kwa ugumu peke yake hajakosea. Mizunguko hai imekuwa 10, na 17.9 imepanda hadi karibu 21.4. Ongezeko ni asilimia 20, dereva atalihisi siku hiyo hiyo.

Lakini fuata vipimo vingine. Kila mzunguko uliokatwa umeondoka na waya wake pamoja na uwazi wake, zaidi ya milimita 16 kila mmoja. Urefu huru umeshuka kutoka 210 hadi takriban 177. Nafasi ya kuifunga ni 200. Springi sasa ni fupi kuliko mahali pake, inagongagonga gurudumu likinyanyuka. Fundi anajua dawa: anaweka washa na vipande vya bomba chini yake, jumla milimita 33, ili kuijaza nafasi na kurudisha ule mbano wa mwanzo. Pikipiki inasimama vizuri. Mteja analipa.

Kisha shokapu inazama yote. Nafasi iliyobaki ni 120, na humo 33 zimekaliwa na washa. Springi imebakiwa na 87. Urefu wake wa kubanana, mizunguko 12 mara milimita 7, ni 84. Akiba iliyokuwa 22 imekuwa 3. Mchanga kidogo, raba iliyochakaa, na chuma kinagonga chuma. Juu ya hayo, ncha iliyopashwa moto hadi kuwaka nyekundu imepita nyuzi joto 500, wakati springi za waya wa aina hii baada ya kukunjwa huokwa kwa nyuzi 200 hadi 300 hivi tu. Ule uimara uliotiwa kwenye waya kiwandani umeondoka mahali pale. Springi zilizokatwa namna hii mara nyingi huvunjikia karibu na ncha, na sasa unajua kwa nini.

Njia ya pili ni ya mtu anayeagiza springi mpya na kusema, “Iwe kama hii, ila waya mnene zaidi, weka 8.” Kipenyo cha ndani hakiwezi kubadilika kwa sababu lazima kipite kwenye mwili wa shokapu, kwa hiyo kipenyo cha katikati kinakuwa 49. Ugumu unaruka hadi karibu nyutoni 28.7, ongezeko la asilimia 60 kwa milimita moja tu. Mwendesha pikipiki akiwa peke yake atarushwa kama yuko juu ya punda. Tatizo kubwa zaidi liko kwenye nafasi: tabaka 14 za milimita 8 ni 112, na shokapu inafika 120. Akiba ni 8, wakati tulihitaji 13.5. Waya mnene unakula nafasi mara mbili. Unaongeza ugumu, halafu unazidisha unene wake katika kila tabaka, hata zile mbili zilizokufa.

Mtu makini atasema basi turudi kwenye waya wa 7, tupunguze mizunguko hai iwe 10, lakini badala ya kukata tukunje springi mpya yenye urefu huru ule ule wa 210. Ugumu ni 21.4, urefu wa kubanana ni 84, akiba ni 36. Kwa nafasi, hakuna lawama. Ni pendekezo zuri, na ndilo linalonipendeza zaidi kulieleza kwa sababu kasoro yake haionekani kwa rula.

Waya wa springi unapobanwa haupindwi, unasokotwa. Kila mzunguko hai unachukua sehemu yake ya msokoto. Tukibaki na mizunguko 10 badala ya 12 na kuiacha springi ndefu vile vile, uwazi kati ya waya na waya umepanda kutoka milimita 9.3 hadi 12.6, na kila mzunguko una safari ndefu zaidi ya kusokotwa kabla haujafika chini. Ukihesabu msongo ndani ya waya springi ikibanana kabisa, ile ya zamani ilikuwa na nyutoni 713 kwa milimita ya mraba. Hii mpya ina zaidi ya 960. Waya mzuri wa unene huu una nguvu ya mvutano ya takriban 1,500, na kiwango cha Ulaya cha usanifu wa springi, EN 13906-1, huruhusu asilimia 56 ya nguvu hiyo springi inapobanana. Hiyo ni 840. Tumevuka.

Springi iliyovuka mpaka huo haivunjiki papo hapo. Inakubali kubanwa hadi chini, kisha inagoma kurudi yote. Iliingia na 210, inatoka na 203, siku nyingine 199. Ugumu wake ni ule ule, kwa maana waya na mizunguko havijabadilika, lakini pikipiki imekaa chini na dereva anasema springi “imelala”. Huenda safari ya kawaida isiifikishe huko, kwa sababu shokapu inasimama kwenye 120. Lakini raba ikilika, au mtu akiibana springi hiyo kwenye jeki mpaka mwisho ili kuifunga, ndiyo basi. Urefu huru, kwa hiyo, una dari. Huwezi kuurefusha upendavyo ili kupata safari, kwa sababu kila milimita unayoongeza lazima igawanywe kwenye mizunguko hai, na kila mzunguko una kiasi chake cha kusokotwa.

Watengenezaji wenyewe huitumia tabia hii kwa faida. Huikunja springi ndefu kidogo kuliko inavyotakiwa, kisha huibana hadi chini mara kadhaa makusudi. Inapoteza milimita chache, inatulia kwenye urefu uliotakiwa, na baada ya hapo hailali kirahisi. Springi ambayo haikupitishwa hatua hiyo italala kwenye pikipiki yako badala ya kiwandani, na utadhani umeuziwa kitu kibovu.

Jibu la mteja wetu liko katikati: waya wa milimita 7.5, unene unaopatikana kwa wauzaji wa waya wa springi. Mizunguko hai ibaki 12 na jumla 14. Kipenyo cha katikati kinakuwa 48.5. Ugumu unakuwa karibu nyutoni 22.8, ongezeko la asilimia 28. Urefu wa kubanana ni 105. Urefu huru ubaki 210, na akiba ya mwisho ni milimita 15, juu kidogo ya 13.5 tulizotaka. Msongo ikibanana kabisa ni karibu 700, chini hata ya springi ya zamani. Kila kitu kimekaa.

Kimekaa, mradi ncha zimesagwa. Karakana nyingi hukunja vizuri lakini hazina mashine ya kusaga ncha, au hukwepa kazi hiyo kwa sababu inachukua muda. Bila kusaga, springi hii inabanana kwenye 112.5, na akiba ya 15 inakuwa 7.5. Hesabu yote nzuri inaangushwa na jambo ambalo kwenye karatasi linachukua neno moja. Kama fundi wako hawezi kusaga, mwambie tangu mwanzo, kisha hesabu upya. Mzunguko hai mmoja utapungua, urefu huru nao itabidi ushuke kidogo, na msongo uhesabiwe tena.

Rangi nayo ina hila zake. Springi nyingi za pikipiki zimepakwa rangi ya unga iliyookwa, na si ajabu ikawa na unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita kila upande. Ukiibana kalipa juu ya rangi utasoma 7.2 mahali ambapo chuma ni 7.0. Mara nne kwa nafsi yake, kosa hilo dogo linakuwa asilimia 12 za ugumu, karibu nusu ya ongezeko lote tunalolitafuta. Kwa hiyo kwangua rangi mahali pamoja kabla ya kupima waya. Lakini unapohesabu urefu wa kubanana, irudishe rangi, maana nayo inapangana: tabaka 14, pande mbili, karibu milimita 3. Springi yetu ya 7.5 iliyopakwa rangi nzito ya namna hiyo ingebaki na akiba ya 12. Sababu hiyo ingenifanya niandike kwenye oda kwamba rangi iwe nyembamba.

Sasa oda yenyewe iandikweje? Usijaze vipimo vyote vinne kana kwamba vyote ni amri. Chagua vile ambavyo mashine yako haiwezi kuvikubali vikibadilika, na vingine umwachie mtengenezaji avirekebishe. Kwa shokapu hii, amri ni hizi: kipenyo cha ndani kisipungue milimita 41, urefu wa kubanana pamoja na rangi usizidi 107, na springi isukume kiasi fulani kwenye urefu fulani, yaani takriban nyutoni 228 kwenye milimita 200 na takriban 2,050 kwenye milimita 120. Waya wa 7.5, mizunguko hai 12, ncha zilizosagwa na urefu huru wa 210 viandikwe pia, lakini vikiwa na neno “takriban” kwenye urefu huru na mizunguko.

Sababu ya kufanya hivyo ni kwamba waya halisi haufuati hesabu kwa asilimia mia. Bunda moja la waya linaweza kuwa nene kwa sehemu ndogo sana ya milimita kuliko jingine, na ugumu ukabadilika. Mtengenezaji aliyeachiwa urefu huru na robo ya mzunguko anaweza kuirudisha springi kwenye nguvu uliyoitaka. Aliyefungwa kila upande hana la kufanya isipokuwa kuvunja amri moja kimyakimya, na hutajua ni ipi. Desturi hii imo hata katika viwango vya Ulaya vya ustahimilivu wa vipimo: ukitaja nguvu kwenye urefu fulani, mtengenezaji huachiwa kipimo kingine cha kusawazishia. Mteja anayeandika urefu wa kubanana kama kiwango cha juu, si kama kipimo kamili, ameonyesha kwamba anaelewa kazi ya namba hiyo.

Springi ikishaletwa, huhitaji maabara. Isimamishe kwenye sakafu ya saruji, ndani yake pitisha bomba litakaloizuia isipinde, na bomba hilo liwe fupi kuliko springi, tuseme milimita 130, ili mzigo usiliguse. Juu weka kipande cha bamba nene, kisha mfuko wa saruji wa kilo 50, na mtu aushike usianguke. Pima urefu. Ongeza mfuko wa pili, pima tena. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili kwa springi ya zamani ni kama milimita 27, na kwa mpya ni kati ya 21 na 22. Usitumie mfuko wa kwanza peke yake kama ushahidi, kwa kuwa mwanzoni mizunguko ya nchani bado inajikalisha na kipimo kinadanganya. Ikiwa mfuko wa pili umeishusha springi milimita 17 tu, umeletewa waya wa 8, hata kama rangi inameremeta. Jumla ya mifuko miwili haitaifikisha hata nusu ya safari yake, kwa hiyo jaribio hili haliilazi. Kuibana hadi chini ni kazi ya mashine yenye kizuizi, maana springi hii ikiwa imebanwa milimita 90 ina nguvu ya kumvunja mtu taya ikichomoka.

Baada ya wiki chache za kazi, iangalie mahali mizunguko inapotazamana. Rangi ikiwa imelika na chuma kinang'aa kwenye mizunguko ya katikati, springi inabanana njiani na akiba yako ni ndogo kuliko ulivyohesabu. Kwenye mizunguko ya nchani, ile iliyolazwa, mng'aro ni wa kawaida. Itoe pia upime urefu huru: ikiwa imeshuka milimita moja au mbili kisha ikasimama hapo, imetulia, ikiendelea kushuka kila unapopima, chuma kimezidiwa na hakuna washa itakayokiponya. Na mtengenezaji anayekuuliza urefu huru na unene wa waya tu, asiulize springi inabaki na nafasi gani shokapu ikizama yote, mpe kazi nyingine.